Kuraundi kwa tarakimu za maana na kukadiria majibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, na wazazi wanaowasaidia jioni, huwa wanauliza wakifika kwenye ile wokshiti ya makadirio. Nimeyajibu nikiwa na namba mezani, hatua kwa hatua, maana hii topiki ukisomewa kanuni tupu unaona umeelewa afu ukikutana na 0.0996 unakwama. Chukua karatasi na penseli ufanye pamoja na mimi.

Tarakimu za maana ndo zipi, na naanza kuhesabu wapi?

Unaanza kushoto, unaruka sifuri zote mpaka ukutane na tarakimu ya kwanza ambayo siyo sifuri, hiyo ndo ya kwanza ya maana. Kuanzia hapo kwenda kulia unahesabu kila kitu, hata sifuri zilizo katikati.

Kwahiyo kwenye 4,072 ya kwanza ni 4, ya pili ni 0, ya tatu ni 7, ya nne ni 2. Ile 0 inahesabiwa kwa sababu inasema kitu, inasema hapa hamna mamia. Kwenye 0.004072 ni hivyo hivyo, ya kwanza ni 4, ya pili 0, ya tatu 7, ya nne 2. Zile sifuri tatu za mwanzo kazi yake ni kuionyesha 4 ikae wapi, basi, hazimo kwenye hesabu ya tarakimu za maana.

Hapa ndo wengi wanapopotea mapema kabisa, wanaanza kuhesabu pale kwenye nukta ya desimali. Nukta haihusiki. Isahau kwanza, tafuta tarakimu ya kwanza isiyo sifuri, ndo uanze moja, mbili, tatu.

Hatua zenyewe za kuraundi ni zipi?

Tuchukue namba ya kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, Bara na Zanzibar. Wokshiti inasema raundi kwa tarakimu 3 za maana.

Hatua ya kwanza, hesabu mpaka tarakimu ya tatu: 6, 1, 7. Hiyo 7 ndo ya mwisho utakayoibakiza, na kabla hujaendelea jiulize imekaa nafasi gani. Imekaa kwenye laki, yaani ni laki saba. Kwahiyo swali lenyewe linakuambia raundi kwa laki iliyo karibu.

Hatua ya pili, angalia jirani wa kulia wa hiyo 7, mmoja tu. Ni 4. Huko mbele kuna 1, 1, 2, 0 lakini hao huwaangalii kabisa.

Hatua ya tatu, amua. Jirani akiwa 0, 1, 2, 3 au 4 tarakimu yako inabaki ilivyo. Akiwa 5, 6, 7, 8 au 9 unaiongeza moja. Hapa jirani ni 4, kwahiyo 7 inabaki 7.

Hatua ya nne, kila kilichobaki upande wa kulia mpaka kwenye mamoja kinageuka sifuri. Jibu ni 61,700,000.

Sasa ileile kwa tarakimu 2: ya mwisho ya kubakiza ni 1, imekaa kwenye milioni, jirani yake ni 7, kwahiyo 1 inapanda kuwa 2, jibu 62,000,000. Kwa tarakimu 1: ya kubakiza ni 6, imekaa kwenye makumi ya milioni, jirani ni 1, inabaki, jibu 60,000,000.

Ona kitu hapo. Kwa tarakimu 2 namba imepanda, kwa tarakimu 3 na 1 imeshuka. Namba ni ileile, kilichobadilika ni jirani unayemuangalia. Mwanafunzi akisema "hii namba inaraundi kwenda juu" bila kutaja tarakimu ngapi, bado hajaelewa.

Mbona mwalimu amekata jibu langu la 6, wakati nimeambiwa tarakimu moja?

Kwa sababu Tanzania haina watu sita. Kuraundi kunabadilisha namba kidogo, haikubaliki ianguke kutoka milioni sitini mpaka sita. Ukubwa lazima ubaki palepale, na zile sifuri saba ndo zinazoshikilia ukubwa. Ukimaliza kuraundi namba nzima hesabu tarakimu kabla ya nukta: 61,741,120 ina tarakimu nane, jibu lako 60,000,000 nalo lina nane, sawa. Zikipungua umekosea. Zikiongezeka moja inawezekana uko sahihi, mfano 96 kwa tarakimu 1 ni 100, hiyo ni kesi ya 9 inayopanda, nitaifikia.

Na za desimali je? Nijaze sifuri nazo?

Hapana, na hapa sheria ya sifuri inageuka kwahiyo soma taratibu. Upande wa kulia wa nukta ukishakata unakata, hujazi kitu. Upande wa kushoto wa nukta ndo unajaza.

Tuchukue 0.004072 kwa tarakimu 2. Ya kwanza ni 4, ya pili ni 0, kwahiyo hiyo 0 inayofuata baada ya 4 ndo ya mwisho ya kubakiza. Jirani wake ni 7. Saba ni kubwa kuliko nne, kwahiyo 0 inapanda kuwa 1. Jibu 0.0041. Huandiki 0.004100, kwa sababu zile sifuri mbili za mwisho zingekuwa zinadai kwamba unazijua hizo nafasi, na wewe ndo kwanza umezitupa.

Kwa tarakimu 3, ya mwisho ni 7, jirani ni 2, inabaki, jibu 0.00407. Kwa tarakimu 1, ya mwisho ni 4, jirani ni 0, inabaki, jibu 0.004.

Sifuri za mwanzo, zile 0.00, zinabaki kila mara maana ukizitoa umebadilisha ukubwa, utakuwa umeandika 0.41 badala ya 0.0041 na hiyo ni mara mia zaidi.

Si ndo sawa tu na kuraundi kwa nafasi za desimali?

Siyo sawa, na wokshiti nyingi zinaweka maswali ya aina zote mbili ukurasa mmoja makusudi ili wakuone unasoma swali au unakimbia. Nafasi za desimali zinahesabiwa kuanzia kwenye nukta, tarakimu za maana zinahesabiwa kuanzia kwenye tarakimu ya kwanza isiyo sifuri. 0.004072 kwa nafasi 2 za desimali ni 0.00, namba imepotea yote. Kwa tarakimu 2 za maana ni 0.0041, bado unajua ukubwa wake. Ndiyo maana kwenye kukadiria tunatumia tarakimu za maana, kwa sababu inafanya kazi kwa namba kubwa na ndogo bila kuifuta yoyote.

Nikikutana na 9 inayotakiwa kupanda nifanye nini?

9 ikiongezwa moja inakuwa 10, kwahiyo unaandika 0 na unabeba 1 kwenda kushoto kama kwenye kujumlisha kwa kawaida. Shida siyo kubeba, shida ni kuandika jibu baada ya kubeba.

Chukua 19.97 kwa tarakimu 3. Ya kubakiza ya mwisho ni 9 baada ya nukta, jirani ni 7, inapanda. 9 inakuwa 0 unabeba 1, ile 9 ya mamoja nayo inakuwa 0 unabeba 1, ile 1 ya makumi inakuwa 2. Jibu ni 20.0, siyo 20. Hiyo sifuri baada ya nukta lazima uiandike, kwa sababu ndo tarakimu ya tatu, umeombwa tatu utoe tatu.

Chukua 3,996 kwa tarakimu 3. Ya mwisho ni 9 ya makumi, jirani ni 6, inapanda, unabeba mara mbili, unapata 4,000. Mtu akiiangalia hiyo 4,000 anaona kama tarakimu moja tu ya maana, hamna namna ya kumuonyesha kwamba sifuri mbili za kwanza ni za kweli na ya mwisho ni ya kujaza. Kwahiyo andika pembeni "4,000 (tarakimu 3 za maana)". Hii ndo sababu walimu wanasisitiza uandike umeraundi kwa ngapi.

Na ile 0.0996 ya mwanzo, kwa tarakimu 2. Ya kwanza 9, ya pili 9, jirani 6, inapanda. Unabeba, unabeba tena, unapata 0.100. Sasa simama hapo uhesabu: tarakimu ya kwanza isiyo sifuri ni 1, ya pili 0, ya tatu 0. Umeombwa mbili na unazo tatu, kwahiyo kata moja, jibu 0.10. Kubeba kumeisogeza tarakimu ya kwanza hatua moja kushoto ndo maana imezidi moja. Kila ukibeba mpaka mwisho rudi uhesabu upya.

Naweza kuraundi kidogo kidogo, kwanza kwa tatu afu kwa mbili afu kwa moja?

Usifanye hivyo kabisa. Chukua 2,449 kwa tarakimu 1. Ukienda kidogo kidogo: kwa tatu inakuwa 2,450, kutoka hapo kwa mbili inakuwa 2,500, kutoka hapo kwa moja inakuwa 3,000. Lakini 2,449 iko mbali na 3,000 kwa 551 na iko mbali na 2,000 kwa 449 tu, kwahiyo jibu sahihi ni 2,000. Kilichotokea ni kwamba kila hatua imeisukuma juu kidogo mpaka ikavuka mstari wa nusu ambao namba yenyewe haikuwahi kuuvuka. Rudi kwenye namba asili kila mara, muangalie jirani mmoja wa namba asili.

Jirani akiwa 5 kamili, kwa nini tupande?

Kwa sababu 2.5 iko katikati kabisa ya 2 na 3, umbali sawa, na lazima watu wakubaliane waende upande gani. Shuleni makubaliano ni kupanda, fanya hivyo kwenye wokshiti. Kuna makubaliano mengine ya kwenda kwenye tarakimu shufwa iliyo karibu, ambayo yanasaidia ukiwa unajumlisha namba nyingi zilizoraundiwa ili zote zisisukumwe juu, na ndiyo maana dogo anayejifunza programu anaweza kushangaa akiona hivi kwenye Python:

```
round(2.5)   # 2
round(3.5)   # 4
```

Haijakosea, inafuata makubaliano mengine. Excel ukiiandikia `=ROUND(2.5,0)` inakupa 3 kama shuleni.

Lakini kumbuka hii habari ya katikati ni pale tu ambapo baada ya 5 hamna kitu. 2.51 haiko katikati, imeshavuka, inapanda kwa makubaliano yoyote.

Sasa tukija kwenye kukadiria, nafanyaje?

Raundi kila namba kwenye swali kwa tarakimu 1 ya maana KABLA ya kufanya hesabu yoyote, afu fanya hesabu na hizo namba rahisi. Ukipiga hesabu kamili kwanza halafu ukaraundi jibu, hilo siyo kadirio, na mwalimu ataona maana hamna mstari unaoonyesha namba ulizoraundi.

Swali la wokshiti: kadiria 38.6 × 0.0517 ÷ 0.195.

38.6: ya kwanza ni 3 ya makumi, jirani 8, inapanda kuwa 4, unajaza mamoja sifuri, unapata 40.

0.0517: ya kwanza isiyo sifuri ni 5, jirani 1, inabaki, unapata 0.05.

0.195: ya kwanza ni 1, jirani 9, inapanda, unapata 0.2.

Andika mstari mzima: 40 × 0.05 ÷ 0.2. Sasa 40 × 0.05, chukua 4 × 5 ni 20, 40 ina sifuri moja inakuwa 200, desimali mbili za 0.05 zinarudisha nyuma mara mia, inakuwa 2. Afu 2 ÷ 0.2, hapa watu wanaandika 1 au 0.1 kwa haraka. Zidisha zote mbili kwa 10 ili uondoe desimali chini, inakuwa 20 ÷ 2, jibu 10.

Ukipiga kwenye kalkuleta jibu ni karibu 10.23. Kadirio letu limekaa pazuri.

Kugawanya kwa namba ndogo kuliko moja kunakuza jibu, na hili ndo swali linalowakosesha watu zaidi kuliko kuraundi kwenyewe. Kwahiyo ukiona chini kuna 0.0 kitu, tegemea jibu litakuwa kubwa kuliko namba ya juu, likiwa dogo rudi uangalie.

Nitajuaje kadirio langu limezidi au limepungua?

Hili swali linaulizwa sana sehemu ya pili ya wokshiti, "je kadirio lako ni kubwa au dogo kuliko jibu halisi? Toa sababu". Huhitaji kupiga jibu halisi.

Kwenye kuzidisha ni rahisi. Zote zikipanda kadirio limezidi, zote zikishuka kadirio limepungua. Kwenye kugawanya ya juu na ya chini zinafanya kazi kinyume: ya juu ikipanda jibu linapanda, lakini ya chini ikipanda jibu linashuka kwa sababu unagawia kitu kikubwa zaidi.

Mfano 523 ÷ 0.0187. Ukiraundi unapata 500 ÷ 0.02. Zidisha zote kwa 100, inakuwa 50,000 ÷ 2, yaani 25,000. Sasa ya juu imeshuka, inavuta jibu chini. Ya chini imepanda, nayo inavuta jibu chini. Zote zimevuta upande mmoja, kwahiyo kadirio ni dogo kuliko jibu halisi, na sentensi yako ya sababu ndo hiyo. Jibu halisi ni kama 27,968, kweli limepungua.

Zikivutana pande tofauti ndo inabidi uangalie ipi imebadilika zaidi kwa asilimia. Turudi kwenye sensa. Watu 61,741,120, eneo la nchi pamoja na maziwa kilomita za mraba 947,303, kadiria watu kwa kila kilomita ya mraba. Unapata 60,000,000 ÷ 900,000. Futa sifuri tano juu na tano chini, 600 ÷ 9, ambayo ni 66 na kitu, sema 70 kwa tarakimu moja.

Ile 66 na kitu imezidi au imepungua? Watu wameshuka, inavuta chini. Eneo limeshuka, inavuta juu. Watu wameshuka milioni moja na laki saba na ushee kutoka milioni 61, hiyo ni chini ya asilimia 3. Eneo limeshuka 47,303 kutoka 947,303, hiyo ni karibu asilimia 5. Mvuto wa eneo ni mkubwa, kwahiyo kadirio limezidi. Halisi ni kama 65.2. Angalia asilimia, usiangalie tofauti yenyewe, maana milioni moja na laki saba inaonekana kubwa sana mbele ya elfu arobaini na saba lakini ndo iliyoleta athari ndogo.

Mbona mara nyingine kadirio linatoka mbali kabisa na jibu?

Kwa sababu tarakimu moja haitoshi kwa namba zinazoanza na 1. Jaribu 14.6 × 1.48. Ukifuata kanuni unapata 10 × 1 = 10. Jibu halisi ni 21.608, zaidi ya mara mbili! Hukukosea hatua yoyote, kanuni yenyewe ndo imekuangusha.

Sababu yake ni hii. Ukiraundi kwa tarakimu moja unaweza kuisogeza namba mpaka nusu ya nafasi ile. Kwa namba kama 1.49 inayoshuka kuwa 1 umetupa 0.49, ambayo ni karibu theluthi ya namba nzima. Kwa 9.49 inayoshuka kuwa 9 umetupa 0.49 ileile, lakini hiyo ni asilimia 5 tu ya namba. Kwahiyo namba zinazoanza na 1 zinaumia sana, za 2 zinaumia kiasi, na kuanzia 5 kwenda juu uko salama, zinasogea asilimia 10 au pungufu. Na ukiwa na mbili za hatari zinazosogea upande mmoja, kama hapo juu, kosa linakuwa kubwa zaidi.

Dawa: swali likisema wazi "raundi kila namba kwa tarakimu 1" fuata, utapata alama zako, hata kama kadirio ni baya. Likisema tu "kadiria" una uhuru, kwahiyo namba inayoanza na 1 iachie tarakimu 2. 15 × 1.5 = 22.5, na hiyo iko karibu sana na 21.608. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waandike pembeni kwa nini wameacha mbili, sentensi moja inatosha.

Kipeuo cha pili nacho nikiraundi kwa tarakimu moja?

Hapo tafuta namba ya mraba iliyo karibu, ndo inayokupa hesabu ya kichwani. Kipeuo cha pili cha 4,873, ukiraundi kwa tarakimu moja unapata 5,000 na hiyo bado haina kipeuo kizuri. Lakini 70 × 70 ni 4,900, iko jirani, kwahiyo kadirio ni 70. Halisi ni kama 69.8.

Kukadiria kunanisaidia nini kama kalkuleta ipo?

Kunakuonyesha nukta iliyokaa pabaya na kitufe kilichobonyezwa vibaya. Fundi ananunua kitambaa mita 18.75 kwa shilingi 4,850 kila mita, mtu anapiga hesabu kwa mkono anapata 909,375. Raundi: 18.75, ya kwanza 1, jirani 8, inakuwa 20. 4,850, ya kwanza 4, jirani 8, inakuwa 5,000. Ishirini mara elfu tano ni laki moja. Laki tisa imetoka wapi? Nukta imeruka, jibu ni 90,937.50. Na kwa vile namba zote mbili zilipanda unajua hata kabla ya kurudia kwamba jibu lazima liwe chini ya laki moja, kwahiyo hata mtu akikuletea 109,375 unaikataa hapohapo.

Ila ujue mwisho wake. Mtu akikosea kubeba akapata 92,937.50 kadirio halitamkamata, maana nayo iko chini ya laki na karibu nayo. Kosa dogo ndani ya hesabu unalikamata kwa kurudia hesabu yenyewe.

Kwenye hesabu ya kawaida, siyo ya kukadiria, niraundi katikati?

Hapana. Beba namba zote mpaka mwisho, raundi mara moja tu kwenye jibu. Ona 10 ÷ 7 × 350. Jibu kamili ni 500. Lakini 10 ÷ 7 ni 1.428571 na inaendelea, mtu akiikata kuwa 1.4 afu akazidisha na 350 anapata 490. Ile 0.028571 aliyoitupa ilionekana si kitu, lakini pamoja na tarakimu zake zinazoendelea imezidishwa mara 350 ikawa 10 nzima. Kama huna kalkuleta acha kwenye sehemu, 3500 ÷ 7, hutahitaji kuraundi kabisa.

Swali lisiposema tarakimu ngapi, niandike ngapi?

Angalia namba ulizopewa. Kama ni vipimo, mfano mstatili wa sentimita 12.4 kwa 3.1, ukizidisha unapata 38.44. Kipimo kimoja kina tarakimu 3 na kingine 2, kwahiyo jibu lako libaki na 2, chukua ile ndogo: ya mwisho ni 8, jirani ni 4, inabaki, sentimita za mraba 38. Aliyepima 3.1 hakujua kama ni 3.08 au 3.13, kwahiyo hamna namna eneo lake lijulikane mpaka sehemu za mia. Hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Kwenye kujumlisha na kutoa unaangalia nafasi za desimali, 12.4 + 3.15 ni 15.55, unaandika 15.6 kwa sababu 12.4 inaishia kwenye sehemu za kumi.